Siku Saba za Kwanza za Mtoto wa Nguruwe

Kwenye mabanda mengi ya nguruwe, kuanzia Mbozi na Moshi hadi Kiambu na Masaka, kuna asubuhi ambayo mtaalamu wa mifugo huitwa aje "kuwamaliza watoto". Bei hupatanwa kwa uzao mzima. Watoto hukamatwa mmoja mmoja kwa mguu wa nyuma, kila mmoja huchomwa sindano ya madini ya chuma, kwenye baadhi ya mabanda hukatwa mkia, na akiwa dume huhasiwa papo hapo, mama yao akibweka upande wa pili wa ukuta. Kabla ya chai ya saa nne kazi imekwisha.

Kwa kuwa mambo haya matatu hufanyika kwa mkono mmoja na kulipiwa pamoja, wafugaji wengi huyachukua kama kitu kimoja. Lakini kila moja lina sababu yake na wakati wake. Sindano ya chuma ikikosekana, watoto wanaofugwa ndani hupungukiwa damu, na baadhi huweza kufa. Kuhasi kunatokana na matakwa ya mnunuzi wa nyama, na kunaweza kufanywa kwa maumivu machache kuliko tulivyozoea. Kukata mkia, kwa mfugaji mwenye nguruwe wachache, mara nyingi hakuna haja kabisa. Anayeyatenganisha kichwani mwake atapanga wiki ya kwanza ya watoto wake kwa namna nyingine.

Tuanze na chuma. Nguruwe anayezaa porini au nyuma ya nyumba, kama wengi wa Busia wanaoachwa kuzurura, hahitaji sindano hii. Watoto wake huanza kuchimbua udongo wangali wadogo sana, na kwenye udongo huo hupata madini ya kutosha. Tatizo lilianza tulipowaingiza ndani, na kuwaingiza ndani ni sahihi: nguruwe anayezurura huokota mayai ya tegu kwenye kinyesi cha watu, na hukutana na homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa usio na tiba. Ila sakafu ya saruji haina chuma, na maziwa ya mama yana kidogo mno.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mtoto huzaliwa akiwa na takriban miligramu 50 za chuma mwilini, na sehemu kubwa ya hizo tayari imo ndani ya damu yake, si akiba. Kwa siku anahitaji kama miligramu 7. Maziwa yanampa kama 1. Kwa wiki nne za mwanzo mahitaji yake yanakaribia miligramu 200, wakati maziwa yatakuwa yamempa 28 tu. Mtoto wa nguruwe hukua kwa kasi kubwa. Mtoto aliyezaliwa na kilo moja na nusu huwa na karibu kilo tatu akifikisha wiki moja, na kila kilo anayoongeza inadai damu mpya. Damu inaongezeka maji kuliko wekundu, na kati ya siku ya 10 na wiki ya tatu dalili zinajitokeza.

Dalili hizo zinaonekana bila maabara. Mwinue mtoto, ulielekeze sikio lake kwenye mwanga. Sikio la mwenye afya lina rangi ya waridi na mishipa inaonekana. La mwenye upungufu wa damu ni jeupe, na pua na kope zake ni hivyo hivyo. Manyoya yanakuwa marefu na kusimama ovyo, kuhara kunamkamata kirahisi, na akikimbia kidogo ubavu wake unaruka ruka kwa kuhema. Jambo linalowachanganya wafugaji ni kwamba anayeanguka na kufa ghafla mara nyingi ndiye mkubwa na mnene kuliko wenzake. Wengi hudhani amelishwa sumu au amerogwa, kumbe yeye ndiye aliyekua haraka zaidi, kwa hiyo ndiye aliyemaliza chuma chake mapema.

Kipimo kinachotumika sana ni miligramu 200 za chuma, kinachoitwa aironi dekstrani, kwa sindano moja ya msuli kati ya siku ya 2 na ya 7, na siku ya 3 ndiyo inayopendwa na wengi. Hapa kuna mtego kwenye kichupa. Vingine vina miligramu 100 katika kila mililita, vingine 200. Kwa cha kwanza unachoma mililita 2, kwa cha pili mililita 1. Mfugaji aliyezoea "mbili mbili" akinunua kile chenye nguvu bila kusoma maandishi atampa mtoto maradufu, na chuma kikizidi ni sumu, tena vijidudu vya maradhi hukitumia kujistawisha. Aliyezoea "moja moja" akinunua chepesi atakuwa ametoa nusu, na wiki ya tatu ataona masikio meupe ingawa ana hakika alichoma.

Mahali pa kuchoma ni shingoni, nyuma kidogo ya sikio. Pajani si pazuri: mshipa wa fahamu wa mguu unapita hapo, mtoto anaweza kuchechemea, na dawa hii nyeusi huacha doa kwenye nyama yenye thamani kuliko zote. Mchomaji mzuri huivuta ngozi pembeni kwa kidole gumba kabla ya kuingiza sindano, kisha huiachia baada ya kuitoa. Ngozi ikirudi mahali pake hufunika tundu la msuli na dawa haivuji. Ukiona matone ya kahawia yanateremka shingoni, ujue sehemu ya kipimo imemwagika, na hakuna anayejua ni kiasi gani.

Mara chache sindano yenyewe huua. Watoto hutetemeka, huwa weupe, na hufa saa chache baada ya kuchomwa. Hutokea pale mama alipokosa vitamini E na madini ya seleni wakati wa mimba, mathalani aliyelishwa muda mrefu pumba za mahindi zilizokaa ghalani mpaka mafuta yake yakachacha na kutoa harufu kali. Mwenye wasiwasi na chakula cha mama achome wawili kwanza, angoje hadi kesho yake, ndipo awachome waliobaki.

Kwa nini si siku ya kwanza, maadamu mtaalamu yupo? Kwa sababu saa 24 za mwanzo ni za dang'a. Mtoto wa nguruwe huzaliwa bila kinga yoyote kutoka kwa mama, na kinga yote anainywa. Utumbo wake huipokea kwa saa chache tu kisha hujifunga, na saa anayotumia kulia na kutetemeka kwenye kona ni saa ambayo wenzake wanajishibisha. Siku hiyo asiguswe ila kwa kumkausha, kumpaka iodini kitovuni na kumwelekeza kwenye chuchu. Kama kuna kuhamisha watoto kwa mama mwingine, nako kufanyike kabla ya shughuli nyingine zote, wakishashiba dang'a.

Sasa kuhasi. Dume asiyehasiwa akikaribia kubalehe, kuanzia kama miezi mitano au sita, nyama yake huweza kupata harufu inayotoka hasa inapokaangwa. Inasababishwa na vitu viwili: androstenoni, inayotengenezwa kwenye korodani, na skatoli, inayotoka utumboni na kujikusanya kwenye mafuta. Si kila dume hunuka, wala si kila mlaji huisikia harufu hiyo, lakini mwenye kibanda cha kitimoto akichomewa mteja mara moja hatanunua dume tena. Sababu ya pili ni ya bandani: madume na majike wakikulia pamoja, dada hupata mimba ya kaka yake kabla hajakomaa.

Mfugaji ajue pia anachopoteza. Dume mzima hukua akiweka nyama zaidi na mafuta kidogo, na kwa kila kilo anayoongeza hula chakula kidogo kuliko aliyehasiwa. Ndiyo maana Uingereza na Ayalandi kwa kawaida hawahasi, wanachinja mapema kabla harufu haijaja. Kwetu nguruwe wengi hukua taratibu, wengine hufika mwaka mmoja ndipo wauzwe, kwa hiyo njia hiyo inamfaa tu anayelisha vizuri na mwenye mnunuzi wa nguruwe wa miezi mitano. Ipo pia chanjo inayozima kazi ya korodani bila kukata. Inachomwa mara mbili, angalau wiki nne kati ya sindano na sindano, na ya pili hutangulia uchinjaji kwa wiki nne hadi sita. Ilianza kutumika Australia mwaka 1998. Kwa mfugaji mdogo wa huku, kisu bado ndicho kilichopo.

Kuna imani iliyoenea kwamba mtoto wa siku chache hasikii maumivu. Imani hiyo si kweli, na ningependa iondoke. Mishipa ya fahamu ya mtoto wa nguruwe inafanya kazi tangu anazaliwa. Anapokatwa, mlio wake hupanda na kuwa mwembamba na mkali kuliko ule wa kushikwa tu, na anayekaa naye baadaye ataona mengine: anatetemeka, anatikisa mkia bila kituo, anajisugua makalio sakafuni, analala mbali na wenzake waliorundikana, anapitwa na mizunguko ya kunyonya. Mabadiliko haya ya tabia huweza kuendelea kwa siku kadhaa. Faida ya kuhasi mapema ipo kwenye jeraha: ni dogo, damu ni kidogo, linapona haraka, na mtu mmoja anaweza kumshika mtoto bila kumuumiza zaidi. Dume wa miezi miwili kukandamizwa chini na wanaume watatu kisha kukatwa bila ganzi ni ukatili, na bado tunauona vijijini.

Mapema mno nako kuna hasara. Siku ya kwanza au ya pili korodani ni ndogo na ngiri bado haijaonekana. Ngiri ni pale utumbo unapoteremka kupitia tundu la tumboni hadi kwenye mfuko wa korodani. Mtoto mwenye ngiri akikatwa kama wengine, utumbo unatoka nje kupitia jeraha. Njia ya kumtambua ni kumning'iniza kwa miguu ya nyuma, kisha kumrudisha kichwa juu na kuuminya mfuko kwa upole. Uvimbe unaoingia ndani akiwa kichwa chini na kurudi akiwa kichwa juu si korodani. Huyo asiguswe, asubiri daktari amfanyie upasuaji wa kushona. Mwenye korodani moja tu mfukoni naye aachwe na kuwekwa alama. Ndiyo sababu siku ya 3 hadi ya 7 ndiyo inayofaa. Umoja wa Ulaya umeweka mpaka wake wa sheria papo hapo: baada ya siku ya saba, kuhasi kunafanywa na daktari wa mifugo pekee, kwa ganzi na dawa ya maumivu ya muda mrefu, na kwa umri wowote ni marufuku kurarua nyama za mwili. Kanuni za ufugaji za Kanada zinataka dawa ya maumivu kwa kila mtoto anayehasiwa tangu Julai 2016, na Ujerumani imepiga marufuku kuhasi bila kumzuia mnyama asisikie maumivu tangu Januari 2021.

Huku kwetu nini kinawezekana? Tuchukue uzao mmoja tuupange. Tuseme nguruwe amezaa usiku wa Jumatatu, watoto 10, sita madume, na mtaalamu anaweza kuja mara moja tu. Aje Ijumaa asubuhi, watoto wakiwa na siku nne na uzito wa karibu kilo mbili. Mama atolewe nje alishwe mahali asipowaona. Watoto wote watiwe kwenye boksi kubwa lenye maranda makavu, na taa ya joto au chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa, maana mtoto aliyepoa huumia zaidi na hupona polepole.

Kwenye mkamato wa kwanza kila mtoto anapata sindano ya chuma upande mmoja wa shingo. Madume sita, baada ya kukaguliwa ngiri, wanapata na sindano ya dawa ya maumivu upande wa pili. Dawa inayotumika sana ni meloksikamu, miligramu 0.4 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo mbili anahitaji miligramu 0.8. Kama kichupa kina miligramu 5 kwa mililita, hiyo ni mililita 0.16, kipimo kinachosomeka kwenye bomba dogo la mililita moja. Kichupa cha ng'ombe chenye miligramu 20 kwa mililita kingetaka mililita 0.04, tone ambalo hakuna mkono unaoweza kulipima sawasawa, kwa hiyo kisitumike kwa watoto. Dawa hizi mbili zisichanganywe kwenye bomba moja hata kama inaokoa muda. Kuamua dawa ya maumivu na kipimo chake ni kazi ya daktari wa mifugo.

Kisha wanasubiri nusu saa. Hii ndiyo sehemu inayorukwa kuliko zote, kwa kuwa mtaalamu ana banda jingine la kwenda. Sindano iliyochomwa na kisu kikafuata hapo hapo imeacha saa za mwanzo wazi. Na hata ikisubiriwa, meloksikamu haiui maumivu ya kukatwa kwenyewe. Kazi yake ni kupunguza uvimbe na maumivu ya saa nyingi zinazofuata. Anayetaka kuzima na yale ya kisu anahitaji ganzi, lidokaini kwa kawaida, inayochomwa na daktari kwenye korodani na kupewa kama dakika kumi za kushika.

Kwenye mkamato wa pili, mtoto anashikwa kwa miguu ya nyuma, ngozi inapanguswa kwa iodini, na kila korodani inasukumwa hadi ngozi ikaze. Mpasuko mmoja mdogo kwa kila korodani, chini kabisa ya mfuko, ili majimaji yapate njia ya kushuka. Mpasuko wa juu hutengeneza kibwawa ndani, na siku ya tatu utaona usaha. Korodani ikitoka, kamba yake inakatwa kwa wembe mkali au koleo la kubana na kukata. Haivutwi mpaka ikatike, kwani mvuto huo unafika hadi tumboni, na ndiko baadhi ya ngiri huanzia. Jeraha linapakwa dawa na kuachwa wazi bila kushonwa. Mtoto anarudi kwenye nyasi safi na kavu, mama anarudishwa, na mfugaji anakaa hapo mpaka aone wote sita wamenyonya. Saa moja baadaye, tena jioni, awakague: damu inayodondoka bila kukoma, au kitu chochote kinachoning'inia, ni simu kwa daktari papo hapo. Siku zinazofuata atazame uvimbe, usaha na funza, maana nzi wa msimu wa mvua hawangoji mwaliko.

Kuna hatari nyingine inayosafiri ndani ya mkoba wa mtaalamu. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na Montgomery nchini Kenya mwaka 1921, huishi kwenye damu, na kisu au sindano yenye damu ya banda la jirani inatosha kuileta. Mwenye banda ana haki ya kuuliza wembe mpya na sindano mpya, na kuona vifaa vikichemshwa na viatu vikisafishwa kabla ya mguu kuvuka mlango wake. Ndani ya banda sindano ibadilishwe kila uzao. Sindano butu yenyewe ni mateso.

Nimeuacha mkia mwisho kwa sababu ndio ninaotamani uachwe. Mkia hukatwa ili nguruwe wakubwa wasije wakang'atana. Hatari hiyo ni ya kweli: mmoja akionja damu wengine humfuata, na jeraha la mkia huweza kupeleka usaha hadi uti wa mgongo. Lakini kukata hakuondoi kinachowafanya wang'atane. Mkia una mfupa na mishipa ya fahamu, na mahali palipokatwa mishipa hiyo huweza kuota vifundo vinavyouma baadaye. Ukikatwa karibu sana na mwili, maambukizi ya uti wa mgongo yanakuwa karibu vilevile. Umoja wa Ulaya unakataza kukata mikia kama desturi, na Uswidi na Finlandi hawaikati hata kidogo, ingawa wanafuga nguruwe wengi kwenye mabanda makubwa.

Nguruwe hung'ata mkia akiwa hana cha kuchimbua kwa pua, akibanwa, akigombania hori fupi, akipigwa na upepo baridi au jua kali, akikosa chumvi na protini, au akiwa mgonjwa. Mfugaji wa nguruwe kumi anaweza kuyarekebisha haya kwa vitu vilivyo shambani mwake: majani ya tembo yasiyokatwakatwa, mabua ya mahindi, migomba, gogo laini la kutafuna, vyote kutoka mahali ambapo nguruwe wengine hawajapita, na vibadilishwe kila siku kwa sababu kinachochakaa hawakijali tena. Hori liwe refu kiasi cha wote kula pamoja.

Mkia uliobaki mzima nao hutoa taarifa. Nguruwe aliyetulia huukunja juu. Siku chache kabla ya kung'atana kuanza, mikia huanza kuning'inia au kubanwa katikati ya miguu, na mwenye banda anayeitazama wakati wa kulisha ataona mapema. Akiona mikia miwili mitatu imeshuka, aongeze majani siku hiyo hiyo, akague maji na hori, na amtafute anayewafuata wenzake nyuma kwa mdomo wazi. Huyo atolewe. Aliyekwisha kung'atwa naye atengwe peke yake, jeraha lisafishwe, na asirudishwe mpaka pakauke kabisa.